Nimonia ya mashine huanzia kwenye mrija uliobaki

Nimonia nyingi za mashine, yaani zile zinazompata mgonjwa akiwa kwenye mashine ya kupumulia, ninazokutana nazo kazini zilikuwa na siku ambayo zingeweza kuepukwa. Ukifungua faili la mgonjwa na kurudi nyuma, utaiona siku hiyo bila shida. Mapafu yalikuwa tayari, oksijeni iliyohitajika ilikuwa imeshuka, mgonjwa angeweza kujaribu kupumua mwenyewe, lakini mrija ulibaki kooni kwa sababu hakuna aliyeuliza kama bado anauhitaji. Siku mbili baadaye homa inapanda, makohozi yanageuka rangi, na mazungumzo yote yanahamia kwenye antibiotiki: ipi imebaki stoo, ipi imekwisha, ndugu wataipata duka gani.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi hapa Uganda, na ninaona tumeweka nguvu na fedha zetu mwisho wa ugonjwa huu badala ya mwanzo wake. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2020 ilikuta nchi nzima ina vyumba 12 vya wagonjwa mahututi vyenye vitanda 55, yaani kitanda kimoja na ushee kwa kila watu milioni moja. Vitanda viliongezwa wakati wa COVID-19, lakini bado mgonjwa mmoja akikaa wiki mbili zaidi, kuna mwingine anayesubiri kwenye wodi ya dharura huku akipuliziwa hewa kwa mkono.

Nichukue kisa kimoja. Nimekiunganisha kutoka kwa wagonjwa kadhaa ili asitambulike mtu, lakini kila hatua yake ni ya kawaida kabisa. Kijana wa bodaboda, miaka 24, kwao Busia, anagongwa na gari Ijumaa jioni. Bandama imepasuka na mbavu mbili za kushoto zimevunjika, kichwa kizima. Anafanyiwa upasuaji usiku, bandama inatolewa, na anakuja kwetu akiwa na mrija wa kupumulia, mrija wa mshipa mkubwa shingoni na mpira wa mkojo. Mashine inampa oksijeni asilimia 60, na shinikizo linalobaki mapafuni mwisho wa kila pumzi ni sentimita 8 za maji. Dawa za usingizi na maumivu, midazolamu na mofini, zinapita mfululizo.

Jumapili asubuhi oksijeni iko asilimia 40 na shinikizo limeshuka hadi 5. Presha ya damu imesimama yenyewe bila dawa. Haitoki damu mpya tumboni. Kwa kipimo chochote kinachotumika duniani, huyu ni mtu wa kuamshwa na kujaribiwa. Lakini Jumapili daktari wa usingizi ni mmoja na yuko chumba cha upasuaji, na muuguzi wa zamu ana wagonjwa watatu. Jumatatu raundi inaanza saa tano, imechelewa kwa sababu ya dharura, na mtu anasema, "Tumwangalie kesho." Kesho yake alfajiri joto ni 38.9. Makohozi ni mazito, ya kijani. Oksijeni imerudi asilimia 60 na shinikizo 8, na picha ya kifua inaonyesha kivuli kipya chini ya pafu la kulia. Antibiotiki ya meropenemu inaanza. Majibu ya maabara yanarudi Ijumaa: bakteria aitwaye asinetobakta, sugu kwa meropenemu. Mama yake anakopa kwenye chama chake cha kuweka na kukopa ili kutafuta dawa nyingine. Kijana anatoka kwetu siku ya 19, akiwa hai, amekonda hadi hajiwezi kusimama.

Wengi wakisikia kisa hiki husema tatizo ni usugu wa dawa. Usugu upo kweli. Utafiti wa vyumba vya wagonjwa mahututi vya Uganda uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta bakteria wa klebsiela na asinetobakta mstari wa mbele, na vingi kati ya vijidudu hivyo vilikuwa sugu kwa dawa za makundi kadhaa. Lakini hata kama asinetobakta ya kijana huyu ingekuwa dhaifu kabisa mbele ya meropenemu, kulikuwa na sehemu moja mwilini mwake ambayo dawa isingeifikia ipasavyo. Sehemu hiyo ni ukuta wa ndani wa mrija wenyewe.

Mrija ukishaingia kooni, ndani ya muda mfupi plastiki yake inapakwa ute na protini za mwili. Bakteria wa mdomoni na kooni hupata pa kushikia. Wanaoshika kwanza huanza kutoa gundi ya sukari na protini, wanagawanyika ndani yake, na wengine wanajiunga. Ukitoa mrija uliokaa siku moja tu na kuupeleka maabara, mara nyingi unakuta utando tayari. Baada ya siku kadhaa utando huo huonekana kwa macho: tabaka la kijivu au la njano ndani ya mrija, linaloteleza ukiligusa, kama ule ute unaojijenga ndani ya jerikani ya maji isiyosuguliwa. Ukisuuza haubanduki.

Sasa fikiria dawa inafikaje pale. Meropenemu inaingia mshipani, inasafiri na damu, inafika kwenye nyama ya pafu. Plastiki haina damu. Ndani ya mrija hakuna mshipa, hakuna chembe nyeupe za kinga, hakuna vinyweleo vya kusukuma uchafu juu kama vilivyo kwenye koo la kawaida. Kiasi kidogo cha dawa kinachofika huko kupitia makohozi hukutana na gundi, na ndani ya gundi hukutana na vimeng'enya vya bakteria vilivyojikusanya humo, ambavyo huivunja kabla haijaingia ndani. Na bakteria walio chini kabisa ya utando, wenye chakula na oksijeni kidogo, wamepunguza kasi ya kugawanyika hadi karibu kusimama. Dawa za jamii ya penisilini na meropenemu huua bakteria wanapojenga ukuta wao wakigawanyika. Asiyegawanyika haimgusi sana. Ndiyo maana bakteria walio kwenye utando wanaweza kuhitaji dawa mara mia, wakati mwingine hata mara elfu, ya ile inayowaua wakielea peke yao. Kiasi hicho huwezi kumpa binadamu.

Majibu ya maabara hayatuonyeshi hali hiyo. Kipimo cha usugu hufanywa kwa bakteria wanaokua huru kwenye sahani. Kikisema dawa inafaa, kinasema kweli kuhusu bakteria waliomo kwenye pafu, na hakisemi lolote kuhusu wale walioganda kwenye plastiki. Hapo ndipo unapata mgonjwa ambaye homa inashuka siku ya tatu ya dawa, inatulia, kisha inarudi siku mbili baada ya dawa kumalizika, kijidudu kikiwa kilekile. Kila mara tunapopitisha mrija wa kufyonza makohozi, tunakwangua vipande vya utando na vingine vinaanguka chini. Watafiti wa Belfast walionyesha mwaka 1999 kwamba kwa asilimia 70 ya wagonjwa waliokuwa na nimonia ya mashine, kijidudu cha kwenye utando wa mrija na kile cha kwenye makohozi kilikuwa kimoja.

Swali linalofuata ni bakteria wanaingiaje chini. Kwenye ncha ya mrija kuna kiputo kinachojazwa hewa ili kuziba nafasi kati ya mrija na koo. Mate na ute wa mdomoni, na wakati mwingine maji ya tumboni, hujikusanya juu ya kiputo hicho. Kikilegea, vinateremka. Shinikizo linalotakiwa ni kati ya sentimita 20 na 30 za maji: chini ya 20 kinavuja, juu ya 30 kinabana mishipa midogo ya koo na kuacha kidonda ambacho baadaye hufunga njia ya hewa kwa kovu. Shinikizo hilo hushuka lenyewe kwa saa kadhaa, na hubadilika kila mgonjwa anapogeuzwa. Mahali pengi tunalipima kwa kuminya kwa vidole viwili kiputo kidogo cha nje kilichounganishwa nacho. Vidole havijui tofauti ya 15 na 25. Nimewahi kuminya kiputo, nikaridhika nacho, kisha kipimo kikasoma 12. Kifaa chenyewe cha kupimia shinikizo ni saa ndogo ya mshale inayoshikwa kiganjani, haitumii umeme, na kimoja kinatosha chumba kizima mradi kinafutwa kwa spiriti kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Kuna njia nyingine ya kuingia ambayo tunaitengeneza wenyewe. Mirija ya kufyonzea ikiadimika, muuguzi hulazimika kutumia mmoja kwa zamu nzima, na kati ya matumizi huuweka kwenye chupa ya maji kando ya kitanda. Chupa hiyo hukaa na joto la chumba. Jioni maji yake yana ukungu mwepesi na kuta za ndani zinateleza. Yaani tumeotesha utando nje ya mgonjwa, kisha tunauchukua na kuupeleka moja kwa moja chini ya kiputo, mahali ambapo bakteria wangejitahidi siku nzima kufika. Ikibidi mrija utumike tena kwa mgonjwa yuleyule, usuuzwe kwa maji safi yaliyochemshwa au ya dripu, yamwagwe baada ya kila tendo, na mrija uning'inizwe ukauke kwenye mfuko wake. Chupa iondoke kabisa.

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu yanaonyesha kwa nini kifurushi cha kinga kinafanya kazi pale dawa inaposhindwa, na kwa nini vipengele vyake havina uzito sawa. Kifurushi maana yake ni mambo machache yenye ushahidi, yanayofanywa yote pamoja kwa kila mgonjwa kila siku. Kipengele chenye nguvu zaidi ni kile kinachoondoa plastiki. Plastiki ikitoka, utando unatoka nao wote, na hakuna dawa iliyopo inayoweza kuusafisha hivyo.

Njia yake ni jaribio la asubuhi: kuamsha, kisha kupumua. Kwanza unahakikisha ni salama kwa mgonjwa huyu. Hana degedege, hana shinikizo lililopanda ndani ya fuvu, oksijeni ni asilimia 50 au chini, shinikizo la mwisho wa pumzi ni 8 au chini, presha haitegemei dawa nyingi. Kisha unasimamisha dawa ya usingizi. Ya maumivu unaiacha ikihitajika, na kwa mwenye mbavu zilizovunjika inahitajika. Unasubiri afungue macho na kufuata maagizo mepesi: bana mkono wangu, toa ulimi. Akiamka vizuri, unapunguza msaada wa mashine hadi karibu na sifuri kwa dakika 30, ukiwa umesimama hapo. Pumzi zikizidi 35 kwa dakika na kubaki hivyo, oksijeni ya damu ikishuka chini ya asilimia 88, akianza kuhangaika na kutokwa jasho, unamrudisha kwenye mashine apumzike, na dawa ya usingizi ikihitajika unaianza kwa nusu ya kiwango cha jana. Akivumilia, na anakohoa kwa nguvu, mrija unatoka leo.

Jaribio hili lilipimwa Marekani kwenye hospitali nne na matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Wagonjwa 336 waligawanywa: nusu waliamshwa kila asubuhi kabla ya kujaribiwa kupumua, nusu walijaribiwa kupumua bila utaratibu wa kuamshwa. Walioamshwa walipata takriban siku tatu zaidi za kupumua bila mashine ndani ya mwezi, na baada ya mwaka waliokuwa hai walikuwa wengi zaidi upande wao. Hofu ya wenzangu wengi ni kwamba mgonjwa akiamka atajichomolea mrija. Ilitokea zaidi kwa kundi lililoamshwa, ni kweli. Lakini waliolazimika kurudishiwa mrija hawakuwa wengi kuliko kundi la pili, maana yake wengi waliojichomolea walikuwa tayari hawauhitaji.

Kuna jambo ambalo tafiti hizo haziligusi na kwetu ni kubwa: ndugu. Dawa ikisimama mgonjwa hukohoa, hukunja uso, hujaribu kuinua mkono uliofungwa. Mama wa kijana kama yule wa Busia akiona hivyo dirishani huja mbio.

"Sista, mwanangu anateseka. Mrudishieni usingizi."

"Mama, anakohoa kwa sababu ameanza kuamka. Njoo umshike mkono, umwambie uko hapa. Akikusikia na akabana kidole chako, tutajua yuko tayari kupumua."

Nimeona mara nyingi mgonjwa aliyekuwa akihangaika akitulia anaposikia lugha ya nyumbani. Sisi huwa tunaanza kwa Kiingereza au Kiganda, na mtu anayetoka Busia, Arua au kambi ya wakimbizi huenda Kiswahili ndicho kinachomfikia kwanza. Mkono wa ndugu ukipakwa kitakasa mikono na kushika mkono wa mgonjwa kwa nusu saa, dozi ya midazolamu inaweza kuepukwa. Kufunga ndugu nje saa ya jaribio ni kujinyima mtu wa kutusaidia.

Baada ya hilo kuna vitu vitatu ninavyovihesabu kuwa kifurushi halisi kwa mazingira yetu. Kichwa cha kitanda kiinuliwe kati ya nyuzi 30 na 45, isipokuwa uti wa mgongo haujathibitishwa kuwa mzima au presha imeanguka. Jaribio la Barcelona la mwaka 1999 lilikuta nimonia ilishukiwa kwa asilimia 34 ya waliolazwa chali na asilimia 8 ya walioinuliwa. Shida ni kwamba macho hudanganya; kitanda cha nyuzi 20 huonekana kimeinuka vya kutosha. Kipande cha kadibodi kilichokatwa kwa nyuzi 30 kikining'inia kwenye chuma cha kitanda kinamaliza ubishi. Kingine ni kiputo, kipimwe kila zamu na kila baada ya kumgeuza mgonjwa. Kilichobaki ni mswaki.

Kwenye kuta za vyumba vingi bado kuna bango linalosema mdomo usafishwe kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu. Bango hilo lilikuwa sahihi kwa maarifa ya wakati wake. Mwongozo wa vyama vya wataalamu wa maambukizi vya Marekani uliotolewa upya mwaka 2022 uliiondoa klorheksidini ya mdomoni kwenye mambo yanayopendekezwa, kwa kuwa faida yake kwa nimonia haikuwa wazi na kulikuwa na dalili za kuongezeka kwa vifo, na ukaweka kupiga mswaki kuwa jambo la msingi. Uchambuzi wa majaribio 15 uliochapishwa mwaka 2024 ulikuta mswaki unapunguza nimonia kwa takriban theluthi, faida ikionekana hasa kwa walio kwenye mashine, na mara 2 kwa siku zilitosha. Mara 3 hazikuongeza kitu. Mswaki laini wa mtoto, maji safi, kichwa kimeinuliwa, kiputo kimepimwa kwanza, mfyonzo uko mkononi unaporudi nyuma ya ulimi. Dakika nne. Kwa nchi ambayo klorheksidini ya mdomoni huisha kila mara, hii ni habari njema ambayo haijawafikia wengi.

Dawa za kuzuia vidonda vya tumbo na za kuzuia damu kuganda pia huorodheshwa kwenye vifurushi vya zamani vya mashine. Zina sababu zake, wagonjwa wanazihitaji, lakini hazizuii nimonia. Nikiziacha kwenye karatasi ileile, ninamruhusu muuguzi aliyechoka aweke tiki tano kati ya saba na kujisikia amemaliza, huku mbili zilizobaki ndizo zenye uzito.

Tiki zenyewe ni tatizo ambalo lazima tuliseme wazi. Ukitaka kujua kama kifurushi kinafanyika, usisome karatasi kwanza. Pita saa kumi alfajiri, kabla ya zamu kubadilishana. Weka kadibodi kwenye kitanda. Shika mswaki wa mgonjwa uone kama una unyevu. Pima kiputo. Kisha ndipo usome karatasi. Ukikuta tiki za saa mbili usiku, saa sita na saa kumi zote zimeandikwa kwa kalamu moja na mkono mmoja uliokuwa na haraka, na kitanda kiko nyuzi 15, umepata jibu. Simlaumu aliyeandika. Usiku ana wagonjwa watatu au wanne wa mashine na karatasi yenye visanduku 20 kwa kila mmoja. Atachagua kumhudumia anayeshuka presha, na yuko sahihi. Karatasi yenye mambo manne yanayoandikwa kwa namba ingemsaidia zaidi: nyuzi ngapi, kiputo ngapi, mswaki saa ngapi, jaribio la asubuhi limefanyika au limezuiwa na nini. Namba ni ngumu kubuni kuliko tiki, na ile "limezuiwa na nini" ndiyo inayomfikia mkuu wa idara.

Hesabu ya maambukizi nayo ina mtego wake. Kawaida tunahesabu nimonia kwa kila siku 1,000 za mashine: kila siku saa ileile muuguzi anahesabu wangapi wako kwenye mashine, mwisho wa mwezi anajumlisha, anagawanya idadi ya nimonia kwa jumla hiyo na kuzidisha kwa 1,000. Chukua chumba cha vitanda sita. Robo ya kwanza wagonjwa 40, siku za mashine 280, nimonia 8. Hiyo ni 28.6. Robo ya pili mnaanza majaribio ya asubuhi kwa bidii: wagonjwa 40, siku 200, nimonia 6. Kiwango sasa ni 30. Kwenye ripoti mmeshindwa. Kiuhalisia wagonjwa wawili zaidi wameondoka bila nimonia na mmerudisha siku 80 za kitanda. Kilichotokea ni kwamba mmeondoa siku salama za wale waliokuwa wanakaa bila sababu, mkabaki na siku za wagonjwa wazito. Kwa hiyo kila ripoti iwe na safu mbili: kwa siku 1,000, na kwa kila wagonjwa 100 waliowekwa mashine, ambayo hapa imeshuka kutoka 20 hadi 15. Na chumba kinachoripoti sifuri kiulizwe kwanza kama kinaotesha makohozi maabara na kupiga picha za kifua.

Upande wa pili wa hesabu ni kuhesabu kupita kiasi. Mrija uliokaa wiki utaotesha kitu karibu kila mara, kwa sababu utando upo. Makohozi yenye klebsiela kwa mgonjwa asiye na homa, ambaye oksijeni yake haijabadilika na picha yake ni ileile ya jana, yanatuambia utando una nani. Hayatuambii ana nimonia. Kumtibu huyo kwa meropenemu ni kuchagua bakteria sugu watakaomwingia mgonjwa wa kitanda cha jirani wiki ijayo. Kijana wa Busia alitimiza masharti yote: homa, makohozi mapya, kivuli kipya, na mashine ililazimika kuongezwa. Huyo anatibiwa, siku saba kwa kawaida, na siku hiyohiyo tunauliza tena mrija unatoka lini.

Utando ni uleule kwenye mirija mingine, kwa hiyo nitapita haraka. Mpira wa mkojo huongeza uwezekano wa bakteria kwenye mkojo kwa asilimia 3 hadi 7 kila siku unapokaa. Kijana wetu hakuuhitaji tena mara tu tulipoacha kupima mkojo wake kila saa, na bado ulikaa hadi siku ya 12 kwa sababu ulikuwa unarahisisha kazi. Mrija wa shingoni una historia nzuri zaidi: mradi wa Michigan uliochapishwa mwaka 2006 ulichukua mambo matano, yaani kunawa mikono, kujifunika mwili mzima na kumfunika mgonjwa wakati wa kuuweka, klorheksidini kwenye ngozi, kuepuka mshipa wa pajani, na kuutoa usipohitajika. Katika vyumba zaidi ya 100, wastani wa maambukizi ya damu ulishuka kutoka 7.7 hadi 1.4 kwa siku 1,000 za mrija ndani ya mwaka mmoja na nusu. Kilichobeba mradi huo, kwa maoni yangu, ni kwamba muuguzi alipewa mamlaka ya kumsimamisha daktari akiruka hatua. Kwetu mamlaka hayo hayajaandikwa popote ninapopajua, na muuguzi kijana hawezi kumwambia mshauri bingwa "Daktari, simama" kwa ujasiri wake binafsi. Lazima mkuu wa hospitali asaini kwamba anaweza.

Mwisho wa kisa ni ununuzi. Hospitali za serikali hupata vifaa kupitia Bohari ya Taifa ya Dawa kwa mizunguko ya miezi miwili, na kisichoandikwa kwenye oda hakiji. Meropenemu ina mtu wa kuililia, kwa kuwa ikikosekana kuna mgonjwa anayeonekana anazidiwa. Mswaki laini na saa ya kupimia kiputo hazina wa kuzililia. Kamati ya dawa ikikaa kupanga oda ijayo, niko tayari kupunguza chupa kadhaa za meropenemu ili mirija ya kufyonzea ifike idadi ya kuitumia mara moja na kuitupa, saa ya kiputo iwe moja kwa kila chumba na ya akiba moja, na miswaki iwe miwili kwa kila kitanda kwa mwezi. Na jaribio la asubuhi lihamishiwe saa mbili, mara baada ya zamu kupokezana, likiongozwa na muuguzi na afisa wa usingizi aliyepo, Jumapili ikiwemo, bila kusubiri raundi ya saa tano.